Kilo 20, sentimita 130: mwongozo kamili wa mizigo kwenye treni za masafa marefu za China

Mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwenda kununua bidhaa China huwa anazijua vizuri sheria za mizigo za ndege. Anajua kilo zake, anajua sanduku lake lilipita wapi, na mara nyingi anayo mizani ndogo ya mkononi ndani ya mkoba. Tatizo linaanza akishamaliza kazi sokoni Yiwu na kutaka kushuka Guangzhou kwa treni. Mashirika mengi ya ndege yanayokuja Afrika yanampa masanduku mawili ya kilo 23, yaani kilo 46, na kila sanduku linaweza kufika sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Reli ya China inampa kilo 20 tu kwa jumla, na kwenye treni ya mwendokasi sanduku lake halitakiwi kuzidi sentimita 130. Kwa hiyo sanduku lililopita bila neno kwenye kaunta ya ndege linaweza kuwa kubwa mno kwa treni hata likiwa tupu.

Nitafuata safari hiyo ya Yiwu hadi Guangzhou, kwa kuwa ndiyo inayowapa taabu watu wetu wengi, ila sheria ni zilezile ukienda Shanghai, Beijing au Foshan.

Sheria yenyewe

Mtu mzima mwenye tiketi anaruhusiwa kubeba kilo 20 bila malipo. Mtoto anaruhusiwa kilo 10, hata yule mdogo anayesafiri bila kulipiwa. Hizo kilo ni za vitu vyote ulivyobeba: sanduku, begi la mgongoni, mfuko wa plastiki wenye viatu, na boksi ulilolifunga kamba dakika ya mwisho. Kiti cha magurudumu kinachokunjwa cha mtu mwenye ulemavu hakihesabiwi.

Vipimo ni jambo jingine, na hivi huangaliwa kwa kila kitu peke yake. Unapima urefu, upana na kimo, unajumlisha. Kwenye treni za kawaida jumla isizidi sentimita 160. Kwenye treni za mwendokasi isizidi sentimita 130. Kitu chenye umbo la fimbo, kama rola ya kitambaa au bomba la pazia, kinaruhusiwa hadi sentimita 200 kwenye treni ya kawaida, lakini kwenye ya mwendokasi kinarudi kwenye 130 ileile.

Kuna kipengele ambacho watu hukisahau: kitu kimoja peke yake nacho hakitakiwi kuvuka kilo 20. Ndiyo maana ndugu wawili wanaosafiri pamoja hawawezi kusema, "Sisi tuna kilo 40, hili sanduku moja la kilo 35 ni letu sote." Wana kilo 40, kweli, lakini ziwe kwenye mizigo miwili au zaidi.

Hatua ya kwanza: jua unapanda treni gani

Usianze na sanduku, anza na herufi iliyo mbele ya namba ya treni. Ipo kwenye tiketi na kwenye 12306, programu rasmi ya kukatia tiketi. G, D na C ni treni za mwendokasi na kikomo chake ni sentimita 130. Z, T na K ni treni za kawaida na kikomo chake ni 160.

Angalia vizuri herufi D. Baadhi ya treni za D husafiri usiku na zina vitanda, kwa hiyo abiria huona vitanda akadhani amepanda treni ya kawaida ya polepole. Kitanda hakibadilishi kitu. Treni ya D inahesabiwa kuwa ya mwendokasi, iwe ya kukaa au ya kulala.

Kwa mtu mwenye sanduku kubwa ambaye hataki kuliacha, treni ya K, T au Z inaweza kuwa jibu. Ni ya polepole, mara nyingi husafiri usiku kucha, na bei yake ni nafuu kuliko G. Kwa safari ya Yiwu hadi Guangzhou, fungua 12306, weka tarehe yako, uone kama siku hiyo kuna yenye herufi hizo na kama bado ina vitanda. Lakini elewa unachopata hapo: unapata sentimita zaidi, hupati kilo zaidi. Kilo ni 20 kotekote.

Pia soma jina la kituo cha kufikia. Guangzhou ina vituo vikubwa kadhaa. Guangzhou Nan, yaani cha Kusini, kiko upande wa Panyu, mbali na Xiaobei na Sanyuanli ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia. Ukishukia hapo unaweza kuchukua metro namba 2 inayopita Sanyuanli, ila kumbuka metro nayo ina mashine ya ukaguzi, ngazi na msongamano. Guangzhou Baiyun, kilichofunguliwa Desemba 2023, kiko karibu zaidi na maeneo hayo. Mtu mwenye begi moja hajali. Mwenye mizigo mitatu atajali sana.

Hatua ya pili: pima sanduku, tena kwa nje

Chukua futikamba. Weka sanduku likiwa limesimama, limejaa na limefungwa kama litakavyosafiri. Pima kimo kuanzia sakafuni, magurudumu yakiwemo, hadi juu kabisa ya mkono uliokunjwa. Kisha upana, kisha unene. Kama lina mfuko wa mbele uliovimba, pima hapo ulipovimba. Kipimo kinachoandikwa kwenye kibandiko cha dukani mara nyingi ni cha mwili wa sanduku pekee, na magurudumu peke yake yanaweza kuongeza sentimita 4 au 5.

Masanduku huuzwa kwa inchi. La inchi 20 huwa karibu sentimita 55 kwa 38 kwa 23, jumla 116. Hilo linapita popote. La inchi 28 hufika 155 hadi 158, nalo ndilo sanduku la ndege tunalolijua; kwenye G halimo. Katikati kuna la inchi 24, na hapa ndipo futikamba inapofanya kazi. Yapo ya inchi 24 yanayojumlisha 128, na yapo yanayofika 137, kutegemea kiwanda. Yale yenye zipu ya kuongeza upana ni mtego: likiwa limefungwa zipu lina 129, ukiifungua lina 134, na wewe hukuongeza chochote ila mashati mawili.

Shangazi kaja na mifuko mikubwa ya plastiki yenye mirabaraba haina kipimo cha kudumu. Inakuwa na ukubwa ulioishindilia. Ipime baada ya kuijaza. Kama unaitaka hasa, jaza nusu, ikunje sehemu ya juu, ifunge kwa utepe wa gundi ili isipanuke njiani.

Hatua ya tatu: pima kilo, na upime vyote

Mizani ya kuning'iniza inatosha, nayo inauzwa kila kona Yiwu. Pima kila mzigo, andika, jumlisha. Begi la mgongoni ndilo linalowaponza watu, kwa sababu mtu huwa amelivaa na halihesabu kama mzigo. Kompyuta, chaja, katalogi tatu za vigae na chupa ya maji tayari ni kilo 6 au 7, na hapo theluthi ya kilo zako imekwisha.

Je, kuna mtu anayepima kweli? Mara nyingi, hapana. Kwenye kituo chenye maelfu ya watu hawasimamishi kila abiria na mizani. Ukubwa ndio unaoonekana kwa macho, kwa hiyo ndio unaosimamishwa zaidi, na kilo hufuata baada ya kukusimamisha. Mtu mwenye begi dogo la kilo 23 atapita. Mtu mwenye masanduku mawili ya inchi 28 na boksi juu yake anavutia macho ya kila mwenye sare, na akishavutwa pembeni vyote vitapimwa. Mimi ningejipanga kuwa ndani ya sentimita bila mjadala, na kwenye kilo nisizidi kwa namna inayoonekana nikitembea nimeegemea upande mmoja.

Hatua ya nne: toa visivyopita kabla havijatolewa

Kwenye kila kituo mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kabla hujaingia ukumbini. Hapo hawatafuti ukubwa, wanatafuta vitu vya hatari. Kwa mtu anayetoka sokoni na sampuli, hii ni hatari zaidi kuliko kilo, kwa sababu sampuli za Yiwu ni visu, makopo ya kupulizia, rangi za kucha na manukato.

Kisu, mkasi au kifaa chochote cha kukatia chenye makali yanayozidi milimita 60 hakibebwi mkononi. Hicho kinaweza kutumwa kama kifurushi, lakini wewe hupandi nacho, hata kiwe bado kwenye boksi lake la dukani. Makopo ya kupulizia, kama dawa ya nywele, dawa ya mbu au ya kuua wadudu, kila moja lisizidi mililita 150, uwe na moja kwa kila aina, na yote pamoja yasizidi mililita 600. Manukato yasiyo ya mgandamizo ni chupa ya mililita 100 kushuka, moja kwa kila aina. Rangi ya kucha na dawa ya kuiondolea, jumla mililita 50, ambazo ni vichupa vichache tu. Mwenye saluni aliyenunua sampuli 24 za rangi ya kucha asifikirie kabisa kuzibeba.

Betri ya kuchajia simu iwe chini ya saa-wati 100 na maandishi yake yasomeke. Ile ya kawaida ya mAh 20,000 ina saa-wati 74 na inapita. Kama maandishi yamefutika, watakutaka uiache, maana hawana njia ya kujua ukubwa wake.

Mkaguzi akiona kitu, atakuonyesha sanduku na kukuashiria ulifungue. Lifungue mwenyewe, taratibu. Utapewa uamuzi: kukiacha, kumpa mtu aliyekusindikiza arudi nacho, au kukituma kama aina yake inaruhusu. Kinachouma ni muda, kwa sababu kufungua na kufunga sanduku lililoshindiliwa mbele ya foleni kunaweza kumeza dakika ulizohitaji getini.

Mfano mmoja, kwa hesabu

Tuchukue mama anayeuza vyombo na vifaa vya nyumbani Kariakoo. Amemaliza Yiwu, ana tiketi ya G kwenda Guangzhou, na ndege yake ya kurudi Dar ni baada ya siku nne. Ana sanduku la sentimita 76 kwa 50 kwa 31, yaani 157, lenye kilo 27. Ana pia begi la mgongoni la kilo 6. Jumla kilo 33.

Kwa treni ya G amekosea mara tatu. Sanduku limezidi sentimita 27. Limezidi kilo 7 kama mzigo mmoja. Na jumla yake imezidi kilo 13. Wazo la kwanza linalomjia ni kutoa vitu vizito, labda kufuli na sampuli za vigae, na kuvituma. Akitoa kilo 13 anabaki na kilo 20 kamili, na kilo zimetulia. Lakini sanduku bado lina sentimita 157. Amelipa kutuma mzigo na bado hajaruhusiwa.

Akibadilisha tiketi achukue K, sentimita 157 zinapita kwa nafasi ya sentimita 3. Kilo 13 za ziada zinabaki palepale, kwa hiyo bado atalazimika kutoa kitu.

Njia inayofanya kazi ni kuliacha lisafiri lenyewe sanduku kubwa. Sanduku hilo tupu lina kilo 4.5, vitu vilivyomo ni kilo 22.5. Ananunua sanduku la inchi 20 palepale Yiwu, lenye kilo 3 likiwa tupu na jumla ya sentimita 116. Anaweka humo kilo 9 za nguo, dawa zake na sampuli ambazo hawezi kuziamini kwa mtu. Hilo sasa ni kilo 12. Pamoja na begi la mgongoni, 18. Sanduku kubwa linabaki na kilo 13.5 za vitu, na uzito wake mwenyewe unalifikisha kilo 18. Analituma kwa kampuni ya vifurushi hadi kwa wakala wake Guangzhou, ambako atalikuta, atarudisha vitu vyake ndani, na kulipandisha ndege kama alivyokuja nalo. Sanduku dogo linakuwa la kuingia nalo kwenye ndege, au anauza tena kwa jirani yake Kariakoo.

Kutuma kifurushi ndani ya China ni rahisi. Bei huwekwa kwa kilo ya kwanza, kisha kila kilo inayoongezeka, na mchukuaji huja hotelini ukimwomba mtu wa mapokezi amwite. Ila mzigo mkubwa na mwepesi, kama mito au maua ya plastiki, unaweza kutozwa kwa ujazo badala ya kilo, kwa hiyo usiweke vitu vyepesi kwenye boksi kubwa lenye hewa tele. Mchukuaji atataka kuona pasipoti na ataangalia kilichomo. Tuma siku mbili tatu kabla ya wewe kusafiri, si asubuhi ya safari, maana mzigo ukichelewa na ndege yako ipo kesho, utaondoka bila sanduku lako.

Hatua ya tano: siku ya safari kituoni

Fika saa nzima kabla, na ukiwa na masanduku mawili ongeza nusu saa. Geti hufungwa dakika chache kabla treni haijaondoka, na likifungwa limefungwa, hata kama treni unaiona. Pasipoti ndiyo tiketi yako. Mageti mengi ya kiotomatiki yanasoma vitambulisho vya wenyeji. Kama yako haisomeki, tafuta njia ya pembeni ambapo mfanyakazi anakagua kwa mkono. Njia hiyo pia ndiyo pana, inayopitisha sanduku bila kukwama, kwa hiyo wenye mizigo huipenda.

Hapo ndipo wengi huambiwa kuhusu ukubwa. Mfanyakazi atanyoosha mkono juu ya sanduku, aseme kitu, pengine aonyeshe namba kwenye simu au alete mizani. Usianze kusukuma. Ukiwa bado upande wa kituo ulichopandia, jibu lao la kawaida ni kwamba mzigo huo hauingii nawe, uutume. Vituo vikubwa vina dirisha la vifurushi la reli, na ukiwa na dakika 50 unaweza kwenda huko, ukauandikisha, ukarudi getini. Ukiwa na dakika 12 huwezi. Ndiyo maana nasisitiza saa nzima.

Ukiwa na mwenzako mwenye mzigo mdogo, gawaneni kilo kabla ya geti, si mbele yake. Mnaweza kusema, "Dada, nishikie hili begi hadi Guangzhou," na hakuna sheria inayokataza, ilimradi naye abaki ndani ya kilo zake na ajue kilichomo. Kwa mtu usiyemfahamu, usiombe wala usikubali.

Ndani ya behewa

Kwenye G na D kuna sehemu tatu za kuweka mzigo. Rafu ya juu ya viti inameza sanduku la inchi 20 bila shida, na la inchi 24 likilazwa chali. Mwishoni mwa behewa, karibu na mlango, behewa nyingi zina rafu ya masanduku makubwa, lakini ni chache na hujaa kwenye kituo cha kwanza. Ya tatu ni nafasi iliyo nyuma ya mstari wa mwisho wa viti, kati ya kiti na ukuta. Kama unapanda katikati ya njia, kama Yiwu, ambapo treni husimama kwa dakika chache tu, usitegemee kuzikuta tupu. Unapochagua kiti, chukua kilicho karibu na mwisho wa behewa, ili ukiweka sanduku nyuma ya viti uendelee kuliona.

Mhudumu atapita baada ya treni kuondoka na kuangalia rafu. Atasukuma mabegi ndani, atakunja mikanda inayoning'inia, atakutaka uteremshe chupa au kitu chenye ncha. Sanduku lililo njiani au mbele ya mlango litaondolewa hapo, na kama hakuna pa kuliweka, ndipo mazungumzo ya ukubwa yanapoanza.

Kwenye treni za usiku za K, T na Z mambo ni tofauti. Kitanda kigumu kiko kwenye chumba kisicho na mlango chenye vitanda sita, vitatu kila upande. Chini ya kitanda cha chini kuna nafasi ya masanduku, na kwenye njia kuna rafu ndefu ya juu. Kitanda cha chini ni ghali kidogo kuliko vingine, lakini mzigo wako unakuwa chini yako usiku kucha. Kitanda laini ni chumba cha watu wanne chenye mlango, na mzigo huwekwa juu ya dari ya njia, ambako unaingilia kutoka ndani ya chumba. Kulipandisha huko sanduku la kilo 20 kunahitaji watu wawili.

Wakikukamata ndani, au unaposhuka

Ukishapita geti na mzigo mkubwa, bado unaweza kutozwa ndani ya treni, au kwenye mageti ya kutokea ya kituo unachoshukia. Wanatumia bei ya kusafirisha mizigo ya reli, kuanzia kituo ulichopandia hadi kile unachoshukia. Hawahesabu kuanzia pale walipokuona.

Kinacholipiwa kinategemea aina ya kosa, na hapa watu hubishana bure. Kama kosa ni kilo tu, na mizigo inaweza kugawanyika, unalipia zilizozidi. Yaani mabegi matatu ya kawaida yenye jumla ya kilo 33 yatalipiwa kilo 13. Lakini kama ni kitu kimoja kisichogawanyika kilichozidi uzito, au kitu kilichozidi ukubwa, kinalipiwa uzito wake wote. Yule mama wa Kariakoo akikamatwa na sanduku lake kwenye G, atalipia kilo 27, si kilo 7. Anaweza kuona ameonewa, lakini ndivyo sheria ilivyo: kilo 20 za bure hazilifuniki sanduku ambalo halikutakiwa kuwemo.

Malipo haya si faini na hayakuletei jina baya. Omba karatasi, soma kilo zilizoandikwa, hakikisha kituo cha kuanzia ni chako. Hakuna haja ya kumpa mtu fedha mkononi bila karatasi, na wafanyakazi wenyewe kwa kawaida hawaitaki. Ukiona wameandika kilo zisizo za kwako, toa mizani yako ya mkononi mkapime pamoja.

Mzigo uliotuma ukifika

Kwa wakala au kwenye dirisha la vifurushi, mzigo hutolewa kwa jina na namba ya simu. Hapa watu wetu hujikwaa kwa jambo dogo: mtu akiwa Yiwu amejiandikisha kwa jina analoitwa sokoni, au mchukuaji ameandika namba ya mwenye hoteli. Mzigo unafika, ujumbe wa simu unakwenda Yiwu, na yeye yuko Xiaobei anauliza kwa nini haujafika. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba ya China iliyo mkononi mwako au ya wakala atakayepokea. Piga picha karatasi yenye namba ya kifurushi, na piga picha sanduku likiwa wazi kabla halijafungwa, vitu vikionekana. Likifika limechanika pembeni, hiyo picha ndiyo utakayomwonyesha aliyelipokea kabla hujasaini.